Pango la Kibaha, Ujira wa Kiluvya

Wewe uliye dukani Maili Moja unapanga bidhaa, wewe uliye njiani kurudi Mlandizi, nanyi mlioko Kisarawe mjini, Maneromango na Mzenga, karibuni. Leo nataka tukae na daftari la hesabu, na hasa ukurasa wa mwisho wa mwaka. Kuna mambo mawili pale ambayo mtu asipoyarekebisha, daftari zima linamwambia uongo ingawa kila risiti imeandikwa kwa uaminifu. La kwanza ni gharama uliyoilipa kabla hujaitumia. La pili ni ujira ambao kazi yake imeshafanyika lakini haujalipwa.

Nitatumia mfano mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili usipotee njiani. Mfano wenyewe nimeutunga, ila watu wa namna hii mnawajua. Kuna mama anafuga kuku wa mayai Kiluvya, upande wa Kisarawe. Mayai anayauza katika duka alilopanga Maili Moja, Kibaha, na dukani humo humo anauza pia vyakula vya kuku. Shambani ana vibarua 8. Kila mmoja hulipwa shilingi 10,000 kwa siku, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na pesa hutoka Jumamosi jioni. Jumapili anawalisha kuku yeye mwenyewe na wanawe. Hesabu zake anazifunga tarehe 31 Desemba, maana kwa wengi wetu mwaka wa mapato wa kodi ni wa kalenda, Januari hadi Desemba.

Tuanze na duka. Mwenye nyumba wa Maili Moja, kama wenye nyumba wengi, hataki kodi ya mwezi mmoja mmoja. Anataka mwaka mzima. Pango ni shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo tarehe 1 Septemba 2025 mama yetu alilipa shilingi 3,600,000, na mkataba ukaanza siku hiyo hiyo. Karani wake akafungua daftari, akaandika: pango, 3,600,000. Pesa kweli imetoka, risiti ipo. Sasa swali langu kwako: tarehe 31 Desemba, duka limetumika kwa pango la kiasi gani?

Hesabu miezi. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Ni minne. Mara 300,000 ni shilingi 1,200,000. Hilo ndilo pango la mwaka 2025, na si zaidi ya hapo. Miezi minane iliyobaki, Januari hadi Agosti 2026, ni shilingi 2,400,000, na hiyo bado ni mali yake. Amenunua haki ya kukaa dukani, na haki hiyo hajaitumia. Ndiyo maana wahasibu hawaiweki kwenye gharama. Wanaiweka kwenye mizania, upande wa mali, kwa jina la gharama zilizolipwa kabla.

Marekebisho yenyewe yanaandikwaje? Hapa nikuombe utulie kidogo, kwa sababu jibu linategemea karani aliandika nini siku ya kwanza. Karani wetu aliandika zote 3,600,000 kama gharama ya pango. Kwa hiyo tarehe 31 Desemba anatakiwa kuitoa kwenye gharama ile sehemu isiyotumika. Anaandika debiti, upande wa kushoto, kwenye akaunti ya pango lililolipwa kabla, shilingi 2,400,000. Anaandika krediti, upande wa kulia, kwenye akaunti ya gharama ya pango, shilingi 2,400,000. Gharama inashuka kutoka 3,600,000 hadi 1,200,000.

Lakini karani mwingine, siku ile ya Septemba, angeweza kuandika pesa yote kama mali, yaani pango lililolipwa kabla. Nalo ni sahihi. Huyo Desemba anafanya kinyume: anaihamisha sehemu iliyotumika. Debiti gharama ya pango 1,200,000, krediti pango lililolipwa kabla 1,200,000. Mwisho wa safari wote wawili wamefika pale pale, gharama 1,200,000 na mali 2,400,000.

Kosa linalotokea sana ni karani kukariri njia moja, akaitumia kwenye daftari lililoanzwa kwa njia ya pili. Utalijuaje kosa hilo? Chukua mkataba wa pango. Soma tarehe unapoisha. Hesabu miezi kutoka tarehe ya kufunga hesabu hadi hapo, zidisha kwa pango la mwezi. Jibu lako lazima lilingane na akaunti ya pango lililolipwa kabla, shilingi kwa shilingi. Ukikuta akaunti ile ina 6,000,000 wakati mkataba umebakiza miezi minane, au ukikuta imesoma hasi, ujue njia zimechanganywa. Narudia, msikilizaji: mkataba ndio shahidi. Usiamini daftari kabla hujaliuliza swali hilo.

Kuna jambo jingine kwenye pango ambalo limewaponza wengi. Sheria inamtaka mpangaji mwenye biashara azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa jina la mwenye nyumba. Ndiyo kodi ya zuio. Basi katika mfano wetu mwenye nyumba amepokea mkononi shilingi 3,240,000, na 360,000 zimekwenda TRA. Karani akiandika pango la 3,240,000 kwa sababu ndicho kiasi alichokabidhiwa mwenye nyumba, ameshakosea kabla hata ya marekebisho. Pango ni 3,600,000 kamili. Zuio ni njia tu ya kulilipa, sehemu kwa mwenye nyumba na sehemu kwa TRA. Mwezi mmoja wa duka unabaki kuwa 300,000, na hesabu ya miezi minane inafanywa kwa kiasi hicho kamili.

Bima ya gari inafuata mkondo huo huo. Ukikata bima ya mwaka kwa ajili ya kirikuu chako cha kubebea mayai, angalia tarehe inapoanza na inapoisha. Ikianza katikati ya mwezi, hesabu kwa siku badala ya miezi. Na yuniti za LUKU zilizobaki kwenye mita usiku wa tarehe 31? Kwa kanuni, nazo zimelipwa kabla. Lakini kwa duka la kawaida ni pesa kidogo mno, hazibadilishi uamuzi wa mtu yeyote, na mimi sioni sababu ya kumtuma karani akasome mita. Mwenye vyumba vya baridi vinavyokula umeme mwingi ana hesabu yake tofauti.

Haya, tuondoke Maili Moja, twende Kiluvya shambani.

Tarehe 31 Desemba 2025 iliangukia Jumatano. Vibarua 8 walikuwa wameingia kazini Jumatatu tarehe 29, Jumanne tarehe 30 na Jumatano yenyewe. Siku tatu wameokota mayai, wamechanganya chakula, wamesafisha mabanda. Pesa yao? Jumamosi, tarehe 3 Januari 2026. Sasa jiulize: mayai yaliyookotwa siku zile tatu yameandikwa mwaka gani? Yaliyouzwa yameingia kwenye mauzo ya 2025, na yaliyobaki yamehesabiwa kwenye mali ya stoo ya 2025. Basi jasho lililoyaokota litaandikwaje 2026?

Vibarua 8, mara siku 3, mara 10,000. Ni shilingi 240,000. Tarehe 31 Desemba karani anaandika debiti gharama ya ujira 240,000, na krediti ujira unaodaiwa 240,000. Huo ujira unaodaiwa unakaa kwenye mizania upande wa madeni. Pango lililolipwa kabla ni mali, ujira unaodaiwa ni deni. Vyote viwili vimezaliwa na kitu kimoja: pesa na kazi hazikutokea siku moja. Kwenye pango pesa ilitangulia. Kwenye ujira kazi ndiyo iliyotangulia.

Nataka niwaambie jambo hapa, hasa ninyi mlioajiriwa serikalini. Mwalimu akisikia malimbikizo ya mishahara, moyo unashtuka, maana kwake neno hilo lina maana ya haki iliyocheleweshwa. Ujira unaodaiwa ninaousema leo si lazima uwe umechelewa. Mama yetu wa Kiluvya hajamdhulumu mtu. Siku ya malipo ni Jumamosi na bado haijafika. Hata hivyo kazi imefanyika, kwa hiyo deni lipo, na usiku wa kufunga hesabu deni lililopo lazima lionekane. Malimbikizo ya kweli, yale ya mshahara uliopitiliza siku yake, nayo yanaandikwa kama deni kwa ingizo la namna hii hii. Halmashauri zetu za Kibaha na Kisarawe zinafunga mwaka tarehe 30 Juni, na serikali ya Tanzania ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vinavyotaka madeni ya aina hii yaandikwe hata kabla pesa haijatoka, kuanzia tarehe 1 Julai 2012. Kwa hiyo mshahara ambao mtumishi ameufanyia kazi na hajalipwa hadi Juni 30 unatakiwa uonekane kwenye mizania ya halmashauri yake.

Turudi shambani, maana sehemu ngumu bado. Kuna makarani wanaosubiri hadi Jumamosi ile ya tarehe 3 Januari, wanaangalia kilicholipwa, halafu wanakigawanya. Wanasema: wiki ina siku sita, tatu za mwaka wa zamani, tatu za mwaka mpya, basi nusu kwa nusu. Inaonekana sawa, sivyo? Sasa sikiliza kilichotokea wiki ile. Alhamisi ilikuwa tarehe 1 Januari, Mwaka Mpya, sikukuu ya taifa. Kuku hawana sikukuu, na vibarua walifika kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mara mbili ya ujira wake wa kawaida. Basi Alhamisi kila mmoja alistahili 20,000. Jumla ya wiki kwa kila kibarua ni 70,000, na kwa wote 8 ni shilingi 560,000.

Gawanya nusu kwa nusu, unapata 280,000. Lakini sisi tulipata 240,000. Nani yuko sahihi? Sisi. Ujira wa sikukuu ni wa Januari, umezaliwa Januari, haurudi nyuma kuingia Desemba. Karani wa nusu kwa nusu ameubebesha mwaka 2025 shilingi 40,000 zisizo zake. Kwa hiyo usigawanye malipo. Hesabu siku zilizofanyiwa kazi hadi usiku wa kufunga, mtu kwa mtu, kwa kutumia daftari la mahudhurio. Kibarua akikosa Jumanne kwa sababu ya homa, wala halipwi siku asiyokuja kwa makubaliano yenu, siku ile haimo kwenye hesabu. Daftari la mahudhurio ndilo shahidi wa ujira, kama mkataba ulivyo shahidi wa pango.

Sasa twende hadi Jumamosi yenyewe, tarehe 3 Januari, kwa sababu wengi wanafanya vizuri Desemba halafu wanaharibu Januari. Mama ametoa shilingi 560,000, vibarua wamesaini. Karani, kwa mazoea, anaandika zote gharama ya ujira ya Januari. Umeona tatizo? Zile 240,000 zilishaandikwa gharama Desemba. Sasa zimeandikwa mara ya pili. Na deni la 240,000 bado limekaa kwenye mizania, wakati hakuna kibarua hata mmoja anayedai.

Kuna njia mbili za kulikwepa hilo. Njia ya kwanza, karani akumbuke kuyagawa malipo: 240,000 zinafuta deni, na 320,000 zinakuwa gharama ya Januari. Zile 320,000 zinatoka wapi? Alhamisi ya sikukuu 160,000, Ijumaa 80,000, Jumamosi 80,000. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda mimi kwa biashara ambayo karani anabadilika mara kwa mara. Tarehe 1 Januari asubuhi unaligeuza ingizo la Desemba kichwa chini: debiti ujira unaodaiwa 240,000, krediti gharama ya ujira 240,000. Deni limefutika, na gharama ya ujira ya mwaka mpya inaanza ikiwa hasi 240,000. Usiogope hiyo hasi. Jumamosi karani anaandika 560,000 kama alivyozoea kila wiki, bila kufikiri chochote, na gharama inayobaki ni 320,000. Ile ile tuliyoipata kwa njia ya kwanza, ila sasa haitegemei kumbukumbu ya mtu.

Na ukitaka kujua kama kwako kosa hili limetokea, fungua akaunti ya ujira unaodaiwa mwisho wa Januari. Kama watu wote wa Desemba wameshalipwa na bado kuna kiasi kimekaa pale, ujira umeandikwa mara mbili. Nimeona vitabu ambavyo deni la namna hiyo limekaa miaka, linahamishwa kutoka mizania moja hadi nyingine, na hakuna anayejua anadai nani.

Kabla sijaondoka kwenye ujira, neno moja kuhusu muuza duka ambaye mama yetu amemwajiri Maili Moja. Yeye analipwa kwa mwezi, na mshahara wa Desemba aliupokea tarehe 31. Je, hana kitu kinachodaiwa? Anacho. Mchango wa NSSF wa Desemba unapelekwa Januari. Kama mshahara wake ni 300,000 na mwajiri anachangia asilimia 10, basi shilingi 30,000 ni gharama ya Desemba, nazo zinaandikwa kama deni siku ile ya kufunga. Asilimia 10 ya mfanyakazi mwenyewe ni sehemu ya mshahara wake ulioshaandikwa. Hiyo usiiandike gharama tena. Imekatwa tu na inasubiri kupelekwa.

Sasa tuone yote haya yamemfanyia nini mama yetu. Hesabu yake kabla ya marekebisho, tuseme, ilionyesha faida ya mwaka ya shilingi 1,900,000. Akakata tamaa, akasema duka la Maili Moja linamla, bora alifunge auze mayai kwa jumla huko huko Kiluvya. Tukafanya marekebisho. Pango la 2,400,000 limetoka kwenye gharama, faida imepanda hadi 4,300,000. Ujira wa 240,000 umeingia, imeshuka hadi 4,060,000. Mchango wa NSSF wa 30,000 umeingia, tumebaki na 4,030,000. Faida imezidi mara mbili ya ile ya kwanza, na wala hakuuza yai hata moja zaidi.

Na kama asingerekebisha? Mwaka 2026 ungemdanganya kinyume chake. Januari hadi Agosti daftari lisingeonyesha pango lolote. Duka lingeonekana linatema faida, labda angeongeza mfanyakazi au angekopa kwa matumaini hayo, halafu Septemba mwenye nyumba anabisha hodi na 3,600,000 nyingine zinaangukia mwezi mmoja.

Ila angalia jambo moja, msikilizaji. Faida imepanda, lakini droo ya pesa haikuongezeka hata shilingi. Hiki ndicho kipimo changu cha haraka kwa marekebisho yote ya mwisho wa mwaka: hayagusi fedha taslimu, hayagusi benki, hayagusi simu. Kila ingizo la marekebisho lina mguu mmoja kwenye faida na hasara, na mguu wa pili kwenye mizania. Karani akikuletea marekebisho ya Desemba 31 yaliyogusa akaunti ya benki, mrudishie. Hilo ni ama malipo yaliyosahaulika, ama kosa.

Je, kila mtu analazimika? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitaka kampuni ihesabu mapato na gharama kwa njia hii, ya kufuata wakati jambo lilipotokea. Mtu binafsi mwenye biashara anaweza kuchagua kufuata pesa inapoingia na kutoka, mradi hesabu zake zionyeshe hali halisi. Na wale wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kodi kwa kuangalia mauzo, marekebisho haya hayabadilishi kodi yao. Hata hao mimi nawashauri wayafanye, kwa sababu uamuzi wa kufunga duka au kuliacha wazi hautolewi na TRA.

Basi ombi langu ni hili. Mkataba wa pango uwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na nakala yake ikae ndani ya faili la hesabu, si nyumbani kabatini. Na kama shambani kwako huna daftari la mahudhurio, nunua kesho asubuhi, kila kibarua asaini kwa siku aliyofanya kazi. Bila hivyo viwili, mhasibu utakayemwita Desemba atakukisia tu.